Hali Mbili Ambazo Hakuna Aliyezichora

Mota ya fezi tatu haizunguki kwa sababu imepewa umeme tu; inazunguka kwa sababu imepewa umeme kwa zamu. Tukitaka kuiendesha kwa betri au paneli za jua tunahitaji inveta, na inveta ya namna rahisi kuliko zote ina miguu mitatu, A, B na C, kila mguu ukiwa na transista mbili: ya juu inaunganisha waya wa mota na chanya, ya chini inauunganisha na hasi. Tuandike 1 pale transista ya juu inapopitisha umeme na 0 pale ya chini inapopitisha. Basi mzunguko mmoja kamili unakuwa na hatua sita, nazo kwa mpangilio wa ABC ni 100, 110, 010, 011, 001, 101, halafu tunarudi 100. Kila mguu unakaa juu kwa hatua tatu na chini kwa hatua tatu, na kila mguu unachelewa hatua mbili nyuma ya mwenzake, yaani theluthi ya mzunguko. Hiyo ndiyo maana ya fezi tatu. Mpigo wa saa wa hezi 300 unatupatia umeme wa hezi 50, kwa kuwa kila hatua inakula mpigo mmoja.

Ukizisoma hatua hizo kama namba unapata 4, 6, 2, 3, 1, 5. Kaunta ya dukani, inayohesabu 0, 1, 2, 3 na kuendelea, haiwezi kutoa mfuatano huu bila msururu wa mageti ya kutafsiri, na mageti ya kutafsiri yana tabia ya kutema vimpigo vya uongo pale biti mbili zinapobadilika bila kuwiana vizuri. Kwenye transista za nguvu kimpigo cha uongo si jambo dogo. Ndiyo maana inafaa kuunda kaunta ambayo hali zake zenyewe ndizo amri za miguu: flipiflopu tatu, zote zinapata mpigo uleule kwa wakati uleule, na tokeo la kila moja linakwenda moja kwa moja kwenye mguu wake. Hii ndiyo kaunta sawia, na mfuatano wake tunauchagua sisi. Mfuatano wetu una uzuri mmoja wa ziada, kwamba katika kila hatua biti moja tu inabadilika, hivyo mguu mmoja tu unageuka kwa wakati.

Kazi inaanza na mchoro wa hali. Unachora duara sita, ndani ya kila moja unaandika biti zake tatu, kisha mishale sita inayozunguka. Mchoro huu unasema tunataka nini, lakini hausemi waya upi uende wapi. Kati ya matakwa na waya kuna pengo, na jedwali la msukumo ndilo linaloliziba. Jedwali la kawaida la flipiflopu linajibu swali hili: nikikupa maingizo haya, utakwenda hali gani? Mbunifu ana swali lililogeuzwa: nataka utoke hali hii uende ile, nikusukume vipi? Kwa flipiflopu ya JK, ambayo J inaiamuru ipande, K inaiamuru ishuke, zote mbili zikiwa 1 inageuka, na zote zikiwa 0 inatulia, majibu ni haya:

```
kutoka -> kwenda    J   K
  0    ->   0       0   X
  0    ->   1       1   X
  1    ->   0       X   1
  1    ->   1       X   0
```

X maana yake ni kwamba thamani yoyote inafaa. Tazama mstari wa pili. Flipiflopu iko 0 na tunataka iende 1. J lazima iwe 1. Kama K ni 0, flipiflopu inapanda. Kama K ni 1, inageuka, na kugeuka kutoka 0 ni kupanda vilevile. Hivyo K haina sauti. Kila mstari wa jedwali una X moja kamili, na X hizo ni za kweli: zimetoka kwenye umbile la flipiflopu yenyewe, na hakuna kitakachoziharibu.

Sasa tuifuate flipiflopu A hatua kwa hatua. Kutoka 100 kwenda 110, A inabaki 1, kwa hiyo K yake ni 0 na J ni X. Kutoka 110 kwenda 010, A inashuka: K ni 1. Kutoka 010 kwenda 011 inabaki 0, J ni 0. Kutoka 011 kwenda 001 vivyo hivyo. Kutoka 001 kwenda 101 inapanda, J ni 1. Kutoka 101 kwenda 100 inabaki juu, K ni 0. Ukizikusanya, J ya A inatakiwa iwe 1 katika hali ya 001, na iwe 0 katika 010 na 011. Katika 100, 110 na 101 ni X, kwa sababu pale A tayari iko juu na J haina la kusema. Kisha zinabaki hali mbili ambazo hazimo kabisa katika mchoro wetu, 000 na 111. Biti tatu zina hali nane, sisi tumetumia sita. Vitabu vingi vinamwambia mwanafunzi aweke X katika hizo mbili pia, kwa hoja kwamba kaunta haifiki huko. Nasi tufanye hivyo kwanza, tuone inatupeleka wapi.

Ramani ya Karnaugh, ile ambayo Maurice Karnaugh aliichapisha mwaka 1953 alipokuwa Bell Labs, inapanga visanduku vinane ili majirani watofautiane kwa biti moja tu, na kazi yetu ni kuzungushia kundi kubwa iwezekanavyo lenye 1 na X bila kugusa 0. Kwa J ya A tuna 1 moja, 0 mbili na X tano. Kundi kubwa linalopatikana ni visanduku vinne ambamo B ni 0, yaani 000, 001, 100 na 101. J ya A, basi, ni B iliyogeuzwa, tunayoiandika B'. K ya A inatakiwa 1 katika 110 na 0 katika 100 na 101, kwa hiyo ni B. Flipiflopu nyingine mbili zinafuata njia hiyohiyo, na mwisho wake ni huu:

```
J_A = B'    K_A = B
J_B = C'    K_B = C
J_C = A'    K_C = A
```

Hakuna geti hata moja. Kila flipiflopu inatoa tokeo lake na kinyume cha tokeo lake kwenye miguu miwili tofauti ya chipu, kwa hiyo hata B' hatuhitaji kuitengeneza. Flipiflopu tatu, waya sita, basi. Jaribu kuufuata: katika 100, B ni 0, kwa hiyo A inakuwa 1, C ni 0, kwa hiyo B inakuwa 1, A ni 1, kwa hiyo C inakuwa 0. Tumefika 110, kama mchoro ulivyotaka. Hatua zote sita zinatimia. Mtu aliyefundishwa kwamba ubunifu mzuri ni ule wenye mageti machache angeweka kalamu chini hapa, na asingelaumiwa.

Lakini zile waya sita hazijui mchoro wetu. Zinafanya kazi katika hali zote nane, pamoja na zile mbili ambazo hatukuzichora. Ziulize: ukiwa 000, utakwenda wapi? B ni 0, A inakuwa 1. C ni 0, B inakuwa 1. A ni 0, C inakuwa 1. Inakwenda 111. Na kutoka 111? Zote zinashuka, inarudi 000. Hizo mbili zimeunda duara lao wenyewe, mbali na duara letu la hali sita, na hakuna mshale wowote unaotoka humo. Kaunta ikiangukia huko, itabaki huko hadi umeme ukatwe.

Je, inaangukiaje? Kwanza, wakati wa kuwasha. Flipiflopu isiyoamriwa chochote inaamka ikiwa 0 au 1 bila ahadi kwa mtu, kwa hiyo mara umeme unapoingia kaunta inaweza kuwa katika hali yoyote kati ya nane. Pili, katikati ya kazi: kontakta ikikata karibu na bodi, au volti ya chipu ikizama kwa sehemu ndogo ya sekunde mota inapoanza, biti moja inaweza kupinduka. Kaunta iliyokuwa 100 ikipoteza biti yake ya A iko 000. Iliyokuwa 110 ikipata biti ya C iko 111. Ukizipitia zote sita utaona kwamba kila hali halali iko umbali wa biti moja tu kutoka shimoni.

Dalili zake ni za kipekee, na inafaa fundi azijue, maana hazifanani na za kitu kilichoungua. Mota imesimama kimya. Saa inapiga. Chipu hazina joto. Katika 000 waya zote tatu za mota ziko kwenye hasi, katika 111 zote ziko kwenye chanya, kwa hiyo kati ya waya na waya hakuna volti yoyote. Fyuzi haiungui na kinga ya mkondo haina sababu ya kushtuka. Ukipima masafa kwenye tokeo la A unategemea hezi 50, sehemu ya sita ya saa. Badala yake unakuta hezi 150, nusu ya saa, na ukiweka osiloskopu unaona A, B na C zikipanda na kushuka pamoja. Ukizima na kuwasha tena, mara nyingine inapona. Fundi anayebadilisha transista kwa sababu hiyo atabadilisha zote sita na atakutana na ugonjwa uleule.

Kosa limeingia wapi? Halikuingia katika jedwali la msukumo wala katika ramani. Liliingia pale tulipoandika herufi moja kwa mambo mawili yasiyo ndugu. Hesabu: mistari sita ya hali halali, kila mmoja una maingizo sita, jumla visanduku 36, na kati ya hivyo 18 ni X za aina ya kwanza, zile ambazo flipiflopu yenyewe imetupa. Mistari miwili ya 000 na 111 ina X 12 nyingine: sita ni za aina ya kwanza pia, yaani K katika 000 na J katika 111, na sita zilizobaki ndizo za aina ya pili. X ya aina ya kwanza ni zawadi: uijaze 0 au 1, hali inayofuata ni ileile. X ya aina ya pili ni mkopo. Ukiijaza 1 umeamua kaunta iende upande mmoja, ukiijaza 0 umeamua upande mwingine, na uamuzi huo utatekelezwa kwa uaminifu siku kaunta itakapofika pale. Tulipozungushia kundi la J ya A tuliimeza 000 ndani yake, na kwa kufanya hivyo tulisema, bila kukusudia, kwamba kutoka 000 A ipande. Kwa mwanafunzi anayejaza jedwali kwa mkono ninapendekeza aandike alama mbili tofauti, kwa mfano X kwa zawadi na duara tupu kwa mkopo. Akimaliza ramani arudi kwenye kila duara tupu aandike alilolijaza, kisha achore mishale ya hali zote nane. Mchoro wa sita ni maombi. Mchoro wa nane ndio kaunta yenyewe.

Tiba katika kisa hiki inashangaza kwa udogo wake. Tunarudi kwenye ramani ya J ya A na kukataa kuimeza 000, tunaijaza 0. Sasa kundi kubwa linalobaki ni 001 na 101, yaani pale ambapo B ni 0 na C ni 1. J ya A inakuwa B'C, na mengine yote hayaguswi. Kutoka 000, A haisukumwi tena, inabaki 0. B na C zinapanda kama zamani. Tunafika 011, ambayo ni hali halali. Kutoka 111, A inashuka kwa sababu K yake ni 1 na J yake ni 0, B na C zinashuka, tunafika 000, na mpigo unaofuata unatupeleka 011. Duara la uovu limekatika kwa geti moja la NA, lile ambalo tokeo lake ni 1 pale tu maingizo yake yote yakiwa 1. Ni robo ya chipu ya 74LS08. Hata ikianguka mbali kabisa, kaunta inarudi njiani kwa mipigo miwili, ambayo kwa saa ya hezi 300 haifiki sekunde moja ya mia.

Pingamizi la kwanza ambalo mhandisi atalitoa ni la haki: kwa nini nisiweke tu saketi ya kuanzisha upya, inayozifuta flipiflopu zote umeme unapoingia? Hapa kisa chetu kina jibu kali. Kufuta zote ni kuzipeleka 000, na 000 ndilo shimo. Chipu ya 74LS73, yenye flipiflopu mbili za JK, ina mguu wa kufuta lakini haina mguu wa kupandisha. Ukizitumia chipu hizo na kuunganisha miguu ya kufuta kwa pamoja kama desturi ilivyo, saketi yako bila tiba itashindwa kila inapowashwa. Ukiwa na 74HC112, yenye miguu yote miwili, unaweza kuipandisha A na kuzifuta B na C, ukaanzia 100. Hata kwa 74LS73 kuna njia: chukua kinyume cha tokeo la flipiflopu ya kwanza ukiite A, na ubadilishane J yake na K yake; ukiifuta, A inakuwa 1. Yote haya yanasaidia asubuhi tu, wakati wa kuwasha. Biti inayopinduka saa nane mchana mota ikiwa kazini haipitii kwenye saketi ya kuanzisha upya. Kuanzia mahali pazuri na kurudi unapopotea ni mahitaji mawili, na geti letu moja linashughulikia lile la pili, ambalo halina mbadala.

Pingamizi la pili ni la wakati: nani bado anatumia JK? Chipu nyingi za leo zinazopangwa kwa programu zina flipiflopu za D, na jedwali la msukumo la D halina hata la kufikiria, kwa kuwa D ni hali inayofuata yenyewe. Ni kweli, na kwa hiyo X za aina ya kwanza zinatoweka zote. Zile za mkopo zinabaki palepale. Fanya zoezi hili kwa D, umeze 000 na 111 katika makundi makubwa, nawe utapata D ya A ni B', ya B ni C', ya C ni A': mtego uleule, waya kwa waya. Tiba yake kwa D ni B' ikizidishwa na A au C, mageti mawili badala ya moja, kwa sababu JK ilikuwa inatukumbukia A bila malipo. Na anayeandika mfuatano huu kwa lugha ya C ndani ya kidhibiti kidogo, akaorodhesha hali sita bila kuandika `default`, amechora mchoro wa hali sita vilevile. Teknolojia imehama, lakini zile hali mbili zimehama nayo.

Kuna pia anayekwenda upande wa pili na kusema kila hali haramu ipelekwe moja kwa moja mwanzoni, kwa mpigo mmoja, ili tulale salama. Tukilifanya hilo hapa, 000 na 111 zote ziende 100, J ya B inakuwa AC', J ya C inakuwa A'B, na K ya A inakuwa BC'. Mageti matatu badala ya moja, kuokoa mpigo mmoja. Kwa inveta hii sioni faida yake: 000 na 111 hazichomi kitu, mota inakosa volti kwa muda mfupi kuliko inavyoweza kuhisi, na kuingilia kwenye 011 ni sawa na kuingilia kwenye 100 kwa kuwa duara halina mwanzo. Hukumu ingebadilika kama hali haramu ingekuwa na madhara, tuseme kaunta ya taa za barabarani ambamo moja ya hali zisizochorwa inawasha kijani pande zote mbili. Pale mpigo mmoja ni mwingi, na hata geti la kumi lina thamani yake.

Jaribio la mwisho linafanyika mezani, mota na transista za nguvu zikiwa zimetenganishwa. Kwenye 74HC112 mguu wa kupandisha unafanya kazi ukiwa chini, kwa hiyo unaishusha miguu ya kupandisha ya flipiflopu zote tatu kwa pamoja, na kaunta inalazimika kusimama 111. Unaiachia, kisha unatoa mipigo mmoja mmoja kwa swichi iliyotulizwa, maana swichi tupu inadunda na kutoa mipigo kumi mahali pa mmoja. Taa tatu ndogo kwenye A, B na C zinatosha. Saketi yenye J_A = B' itaonyesha taa zote zikizimika, zikiwaka, zikizimika, bila mwisho. Saketi yenye J_A = B'C itazima zote kwa mpigo wa kwanza, itawasha B na C kwa mpigo wa pili, kisha C peke yake, kisha A na C, kisha A.